Hela ya baada ya saa kumi

Jumamosi, saa tatu usiku. Nimenawa mikono mara mbili na bado vidole vinanuka noti. Hela ya bodaboda ina harufu yake, petroli kidogo na jasho la mfuko wa ndani wa koti, na leo nimeihesabu nyingi kuliko kawaida kwa sababu Jumamosi siku hizi hakuna hela inayolala kwa kijana yeyote. Sheria hiyo ni mpya. Nimeiweka mwenyewe baada ya kuaibika, na leo nimeona niandike jinsi nilivyoaibika.

Nashika hesabu kwenye ofisi ndogo ya kusambaza mizigo ya maduka ya mtandaoni, Kariakoo. Tuna vijana sita wa pikipiki, na ofisini tunawaita kwa njia zao: wa Tegeta, wa Kigamboni, wa Mbagala. Mteja akipokea mzigo ndipo analipa. Kijana anabonyeza `Delivered` kwenye simu yake, na tangu dakika hiyo hela ya ile oda inakuwa deni lake mpaka aiweke mezani kwangu. Kila mmoja anarudi mara moja kwa siku, jioni, analeta hesabu.

Sasa kulikuwa na tatizo la foleni. Wa Tegeta akikwama Mwenge hafiki kabla sijafunga, kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka nilipanga hivi: oda zote zilizobonyezwa kabla ya 16:00, hela yake inakuja leo, zilizobonyezwa baada ya hapo, inakuja na hesabu ya kesho. Niliona nimepanga kitu cha maana. Jioni nalinganisha jumla ya mfumo na jumla ya noti, kijana mmoja baada ya mwingine, na miezi mitatu mfululizo kila mstari ulisoma sifuri. Bosi akanisifu mbele ya watu. Nilifurahi, sitasema uongo.

Alhamisi moja wa Mbagala akaamka na homa. Akapiga simu asubuhi, sauti imekauka: "Dada, leo siwezi, nitakutumia hesabu ya jana kwenye simu." Nikafungua mfumo. Jumatano baada ya saa kumi alikuwa na oda tatu: 38,000, 54,500 na 41,000, jumla 133,500. Zikaingia 43,500. Nikasubiri nikidhani anatuma kwa mafungu. Saa sita mchana nikampigia, simu haipatikani.

Shoti ya 90,000 ukiiona hivi, akili inakwenda kwenye oda zenyewe: labda mteja mmoja hajalipa, labda mzigo umerudi. Nikawapigia wateja wote watatu. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa Kongowe aliyenunua mapazia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilishamlipa yule kijana jana saa saba, hata chakula cha mchana tulikuwa hatujala." Nikamshukuru, nikakata simu, kisha nikarudi kutazama skrini. Mfumo ulikuwa unasema oda yake ilipokelewa 16:09.

Nilikaa na hiyo 16:09 muda mrefu. Kijana kapokea hela saa saba mchana, akangoja saa tatu nzima ndipo abonyeze. Hakuna mtu anayengoja hivyo kwa kusahau. Alikuwa anaihamisha oda kutoka hesabu ya leo kwenda hesabu ya kesho.

Nikatoa orodha yake ya wiki tatu na kuipanga kwa saa. Hapo hata mtoto angeona. Mwanzoni alikuwa na oda moja au mbili tu baada ya saa kumi, zimetawanyika mpaka jioni. Kuanzia Jumanne moja zikawa tatu, nne, na zote zimebanana baada tu ya 16:00. Siku moja alikuwa "amekabidhi" Kongowe 16:05, Chamazi 16:08 na Zakhem 16:11. Anayeijua Mbagala acheke. Hata ambulansi haiwezi. Na mimi kila jioni nilikuwa nasoma safu ya jumla na kuiacha safu ya saa, ilhali ziko kwenye ukurasa mmoja.

Alipopona alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akanieleza bila kuulizwa mara mbili. Jumanne ile alipeleka blenda ya 62,000 kwa mteja aliyesema hana keshi, atatuma kwenye simu. Meseji ikaingia, kijana akaisoma, akaacha mzigo. Jioni alipokwenda kwa wakala kutoa, salio halikuwa na kitu. Alinionyesha ile meseji, alikuwa ameitunza. Maneno yote yako sawa sawia, hata namba ya muamala ipo, ila imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Na salio jipya lililoandikwa chini halilingani kabisa na salio la meseji iliyotangulia. Tapeli anaweza kunakili kila kitu isipokuwa salio lako, kwa sababu halijui. Siku hiyo hiyo niliwaambia vijana wasisome meseji, waangalie salio kwenye menyu ya simu, mteja akiwa bado amesimama mbele yao.

Akaogopa kusema. Alidhani bosi atamfukuza, na kwa ninavyomjua bosi hakukosea sana. Jioni ile hesabu yake ya kabla ya saa kumi ilikuwa 215,000, ikiwemo hiyo ya blenda. Mkononi alikuwa na 153,000. Lakini mfukoni kulikuwa pia na 70,000 ya oda za baada ya saa kumi, hela halali ambayo kwa sheria yangu haikutakiwa mpaka kesho. Akachomoa 62,000 humo, akaniletea 215,000 kamili. Nikaweka tiki. Kesho yake alikuwa anadaiwa 70,000 na amebaki na 8,000, kwa hiyo akahitaji tena angalau 62,000 za baada ya saa kumi ili kuziba. Siku ambayo wateja wa jioni walikuwa wachache, akawatengeneza: anakabidhi mchana, anabonyeza saa kumi na dakika zake. Katikati akakata cheni ya pikipiki, akaongeza 28,000 juu ya lile shimo, kwa kuwa lilikuwa limeshachimbwa. Ndiyo 90,000 yenyewe.

Wahasibu wanaujua mchezo huu tangu zamani, kuziba pengo la jana kwa hela ya leo, na huwa unafichuka vivyo hivyo, mwenye nao akiugua au akienda likizo. Ndiyo maana anayeucheza haombi ruhusa hata siku moja. Nilipokumbuka kwamba wa Mbagala alikuja kazini hata siku ya msiba wa jirani yao, niliona aibu kwa jinsi nilivyomsifia bidii.

Bosi alitaka akatwe zote 90,000. Nilibisha. Cheni alipe, sawa, kwa mafungu mawili. Ila ya blenda ni meseji ya uongo iliyomkuta mtu ambaye hatukumfundisha chochote, tukamwacha apokee hela za ofisi kwenye laini yake binafsi. Tukaelewana hivyo, kwa shingo upande. Sasa ofisi ina lipa namba yake, mteja asiye na keshi analipa huko, na kijana hakabidhi mzigo mpaka nione mimi kwenye simu ya ofisi kwamba imeingia.

Kwenye vitabu vyangu, nimeacha kulinganisha jumla na jumla. Kila hela inayoingia inaandikwa mstari wake pamoja na namba ya oda iliyoileta, na kila oda inaulizwa peke yake imelipwa kiasi gani. Kwenye ukurasa wa Hela, namba ya oda iko safu A na kiasi safu D. Kwenye ukurasa wa oda, namba ikiwa safu A na bei safu E, nimeweka hii:

```
=E2-SUMIFS(Hela!D:D,Hela!A:A,A2)
```

Ikitoa sifuri, oda imefungwa. Ikitoa namba, nataka kujua imekaa siku ngapi. Kijana akileta noti simuulizi tena "ngapi?", namuuliza "za oda zipi?" Wiki ya kwanza walinung'unika kwamba nawachelewesha. Ila hapo ndipo mchezo unapokufa, maana anayeziba jana kwa leo lazima ataje namba ya oda ambayo hela yake ameshaitumia, na oda ya leo inabaki wazi mbele ya macho yangu.

Mpaka wa saa kumi nimeuacha, foleni ya Mwenge haijaisha. Lakini Jumamosi hauhesabiki. Kila kilichobonyezwa, hata saa moja usiku, kinakuja siku hiyo hiyo, na Jumapili hatusambazi, kwa hiyo Jumamosi usiku hela iliyo njiani lazima iwe sifuri. Shimo linaweza kujificha kati ya siku mbili za kazi. Kati ya siku ya kazi na siku ya mapumziko halina pa kukaa.

Hayo yote hayanisaidii kwenye kitu kimoja kinachonikera zaidi: mteja anaagiza magauni matatu, anajaribu, anachukua mawili. Mfumo una `Delivered` na una `Returned`, katikati hakuna kitu. Kijana anabonyeza `Delivered`, gauni la tatu linarudi kwenye begi, na kwangu linaonekana kama shoti. Kwa sasa tunaandika kwa kalamu nyuma ya risiti na mtu wa stoo anatia sahihi kwamba amelipokea. Lisiporudi stoo usiku huo, ni hela ya kijana. Ni mpango wa kijima, ila unafanya kazi.

Leo wa Mbagala alikuwa wa mwisho kufika, saa mbili kasoro, koti limelowa mvua. Akataja oda zake moja moja bila kusoma popote, tisa, huku akizipanga noti kwa namba. Zote tisa zikafunga. Kisha akatoa noti ya 2,000 peke yake, imekunjwa mara nne, akaiweka pembeni ya lundo.

"Hii nayo?"

"Imezidi, dada. Sijui ya nani."

Zamani ningecheka na kumwambia anunue soda. Leo nimeiweka kwenye bahasha, nimeandika tarehe na njia juu yake. Ziada nayo ni oda ambayo haijafunga mahali fulani: mteja ambaye hajapewa chenji, au mzigo uliolipwa ambao hakuna aliyeubonyeza. Jumatatu nitaanza na wale wanne waliolipa kwa noti za 10,000.