Chomeka kwanza, ndipo ulipe

Jana usiku hapa Ujerumani niliskani QR kwenye chaja ya gari la umeme, nikaingiza kadi, benki ikashikilia yuro 50. Nikaenda kutoa kebo kwenye buti. Narudi, chaja imeshaghairi! Kumbe benki ikikubali, seva huipelekea chaja amri ya kuanza, nayo husubiri muda mfupi tu ione plagi imeingia. Nikarudia, yuro 50 nyingine zikashikiliwa. Safari hii nilichomeka kwanza: kufuli ya plagi ikalia tak, umeme ukaanza kuingia. Nilitumia yuro 14, na hizo tu ndizo zilizokatwa. Zile 50 za mwanzo bado zimeandikwa "vorgemerkt" kwenye programu ya benki. Hazijakatwa, zimeshikiliwa, lakini siwezi kuzigusa mpaka ziachiwe.