Kukaa na waombolezaji nisiowafahamu

Mfanyakazi mwenzangu alipofiwa na mama yake huko Buguruni, Dar es Salaam, nilifika msibani bila kumfahamu mtu mwingine yeyote, naye mwenyewe alikuwa ameenda hospitali kuuchukua mwili. Ilinibidi nikae chini ya turubai na wazee wa Kizaramo, Waislamu, ilhali mimi ni Mkristo kutoka bara.

Niliwaamkia shikamoo wazee waliokuwa karibu, kisha nikasema kwa sauti ya chini, "Poleni sana kwa msiba," nikaongeza kwamba nafanya kazi na kijana wao. Maelezo hayo mafupi yanatosha, kwa kuwa wafiwa hutaka kujua mgeni ametokea upande gani, hata kama hawaulizi. Katika kuwaombea nilisema, "Mwenyezi Mungu awape subira," maneno ambayo Mwislamu na Mkristo huyapokea sawa.

Jirani yangu, mzee mwenye kofia ya kiua, alikaa kimya muda mrefu, nami sikumsemesha. Baadaye akasema, "Marehemu ndiye aliyenilea." Sikumuuliza mama aliugua nini, kwani swali hilo humrudisha mfiwa kwenye siku za hospitali, na pengine ndani ya familia tayari kuna lawama kuhusu matibabu. Nilimuuliza, "Alikulea hapa hapa, mzee?" Akanieleza kwa kirefu jinsi alivyoletwa kutoka Kisarawe akiwa mdogo, na jinsi marehemu alivyokuwa akiuza vitumbua ili apate ada ya shule. Mimi niliitikia tu. Alipofuta machozi sikumwambia asilie; nilisema, "Pole, mzee wangu," nikanyamaza naye.

Jambo lililohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni utani. Mama mmoja wa Kinyamwezi alisimama mlangoni akatangaza kwamba mwili hautatoka mpaka alipwe, kwa kuwa marehemu alikuwa na deni lake la ubwabwa, na watu waliokuwa wakilia wakaangua kicheko. Kwa maoni yangu, watani huwasaidia wafiwa kuliko hotuba nyingi, lakini ruhusa hiyo ni yao peke yao. Mimi si mtani wa Wazaramo, kwa hiyo nilitabasamu bila kuongeza neno, na vijana waliponigeuzia mazungumzo ya mpira, niliwauliza maziko yamepangwa saa ngapi. Wakaniambia ni baada ya sala ya alasiri, wakanionyesha pia mzee aliyeshika daftari la rambirambi.

Niliandikisha mchango wangu bila kutaja kiasi kwa sauti. Baada ya maziko nilimpa mwenzangu mkono wa pole, kisha nikamuaga yule mzee kwa kumwambia kwamba nitakuja tena siku ya hitima, naye akaniuliza jina langu ili amjulishe mkewe.