Shukurani za nyumba mpya, na lile neno "japo"

Nyumba yetu iko Wiyoni, hapa Lamu: vyumba viwili, baraza, na paa la makuti. Tuliijenga vipande vipande. Tukipata, punda wanaleta mawe na mchanga. Tukikosa, msingi unaota nyasi. Ijumaa baada ya laasiri tukaita jamaa na majirani, ikasomwa dua, tukafukiza udi kila chumba, watu wakala mahamri na mbaazi. Hawakuja mikono mitupu: sukari, mikeka, kifumbu cha kuchujia tui, chupa ya chai, bilauri nne zilizofungwa gazeti.

Usiku nikataka kuweka picha na maneno mawili matatu kwenye WhatsApp. Nikaandika: "Alhamdulillahi tumehamia. Tunawashukuru kwa zawadi zenu, japo ni ndogo tumezipokea kwa moyo mkunjufu." Nikamsomea shangazi, aliyekuwa amebaki kunisaidia kuosha masinia. Akaacha kusugua.

"Hiyo 'japo' umeitoa wapi, mwanangu? Wa kusema ni kidogo ni aliyeleta. Wewe uliyepokea huna ruhusa hiyo."

Kweli. Mgeni akifika mlangoni husema, "Si kitu, ni sukari tu," na mwenyeji humjibu, "Mbona umejisumbua?" Kila mmoja ana maneno yake. Mimi nilikuwa nimechukua ya mgeni nikamrudishia usoni.

Nikafuta. Mara ya pili nikaamua kutaja kila mtu na alicholeta. Hapo nikakwama kwenye zile bilauri, maana sikukumbuka ni za nani. Halafu nikaona nimeanza na chupa ya chai na kumalizia na sukari, yaani nimewapanga watu kwa bei bila kujijua. Na kuna jirani hakuleta kitu, ila alifagia uwanja tangu alfajiri; kwenye orodha yangu hayumo kabisa. Orodha ya majina inamfurahisha aliyetajwa, lakini anayeisoma kwa makini zaidi ni yule ambaye hakutajwa.

Picha nayo ilikuwa na makosa yake. Zawadi nilizipanga barazani kama duka, chupa ya chai ina karatasi ya bei bado. Nyuma wanaonekana wake za watu wamekaa kwa leso, mabuibui wameyatundika. Picha kama hiyo huitumi bila kuwauliza, na usiku ule nilikuwa sina wa kumuuliza. Asubuhi nikapiga nyingine: mkeka mpya, makubadhi mlangoni, basi.

Mume wangu alitaka niandike "kibanda chetu", kwa unyenyekevu. Nikakataa. Baadhi ya waliokuja wanaishi chumba kimoja cha kupanga; hiki nikikiita kibanda, chao nitakiita nini? Nikaandika "kwetu" tu.

Kilichonifungua ni kuzunguka nyumba na taa mkononi, nikiangalia kila kitu kinafanya nini usiku ule. Mkeka mmoja mwanangu kaulalia. Kifumbu kiko msumarini, bado kinachuruzika tui la wali wa jioni. Sukari imeshaingia kwenye chai. Nikaona nitaje kazi ya kitu, nisitaje mleta wala thamani. Nikachagua hasa vile vilivyoletwa na zaidi ya mtu mmoja, sukari na mikeka, ili asiwepo wa kusema yeye tu ndiye aliyesifiwa. Kifumbu kilitoka kwa mmoja, lakini kilinishinda kukiacha.

Jambo la mwisho ni mpangilio. Shukurani nilikuwa nimeziweka chini kabisa, na simu huficha maneno yakiwa marefu mpaka mtu abonyeze. Nikazipandisha juu. Yakawa hivi:

"Ahsanteni sana, yeo tumelala kwetu. Mikeka ishalaliwa, sukari ishakorogwa, kifumbu kishachuja tui la kwanza. Aliyekuja na kitu mkononi, aliyefagia uwanja, aliyeitikia amina: nyumba hii mmeifungua nyinyi. Alhamdulillahi. Mlango uko wazi, chai ipo."

Wenye vitu ambavyo sikuvitaja niliwatumia ujumbe wa sauti, mmoja mmoja, nikimwambia kila mtu kitu chake nimekiweka wapi. Huo haufai kuwa mmoja wa kusambaza kwa wote, watu hutambua. Kwa yule wa uwanja nilikwenda mwenyewe.

Zikabaki bilauri nne. Nikampigia shangazi kumuuliza kama alimwona aliyezileta. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Jana usiku nimeziosha mbele yako, na bado hukuniuliza."