Jinsi nilivyookoa mahindi yasiingie sumukuvu, Moshi

Mwezi wa saba hapa Moshi wingu hukaa mlimani hadi mchana, na mahindi yaliyopukuchuliwa hayakauki upesi. Nilipozamisha mkono katikati ya gunia, nilikuta joto. Punje zilizo mbichi bado hupumua, zikitoa joto na unyevu, na hapo kuvu wanaotengeneza sumukuvu hustawi.

Nilimwaga magunia yote siku hiyohiyo. Punje zenye ukungu, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu tulizichambua tukazifukia. Kuku pia sumu hii huwadhuru, na kupika hakuiondoi. Zilizobaki nikazianika juu ya turubai, unene usiozidi sentimita 4, nikizigeuza kila baada ya saa moja hivi. Jioni nilizikusanya na kuzifunika kabla ya umande.

Kung'ata punje ili kujua kama zimekauka hakunitoshi, nikapima kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika kadhaa, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, bado usifunge gunia: ghalani mahindi yanatakiwa asilimia 13. Mimi huongeza siku nzima ya jua kali.

Karanga zilizomenywa zinataka ukavu zaidi, kama asilimia 7, kwa hiyo kipimo cha chumvi hakizitoshi. Hizo nilizipeleka kwa mnunuzi mwenye mashine ya kupimia unyevu.