Geti langu lilipogeuka kizibo

Nilipopewa ulinzi na maegesho ya sherehe ya watu mia sita, nilitarajia magari 200 na geti moja. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa mlinzi akague kadi na kufungua buti palepale getini. Bahati nzuri, siku mbili kabla tulijaribu kwa gari letu wenyewe tukiwa na saa mkononi. Kila ukaguzi ulichukua kama sekunde 40. Yaani magari 90 kwa saa, na mimi nilijua magari 150 yangefika ndani ya saa ileile moja. Magari 60 yangebaki nje, na kwa mita 7 kila moja, foleni ingefika mita 420, katikati ya barabara kuu.

Nikahamishia ukaguzi ndani, mita 80 kutoka getini, na pale nikagawa njia mbili, kila moja na walinzi wawili. Mlinzi wa getini akabaki na kazi moja tu: kupitisha magari yasisimame. Asiye na kadi aliwekwa pembeni akisubiri mwenyeji apigiwe simu, wenzake wakiendelea kupita.

Kwenye maegesho nilikuwa na wahudumu wanane wenye vizibao vya kung'aa na tochi. Walijaza safu ya mwisho kwanza, moja baada ya nyingine, maana ukimwachia dereva achague ataegesha karibu na mlango na kuwazibia wote wa nyuma. Kati ya safu tuliacha mita 6, na kila gari liliingia kinyumenyume. Madereva walinung'unika! Lakini usiku, watu wamechoka na giza limeingia, kila mmoja alitoka akiangalia mbele. Njia moja ya pembeni haikuegeshwa gari hata la mwenyeji, iwe ya gari la wagonjwa.

Dawati la vitu vilivyopotea nalo nusura niliweke getini. Nikaliweka mlango wa ukumbi, kwa kuwa mtu anayetafuta simu yake husimamisha gari na kuanza kusimulia. Kila kitu kilipewa namba na kuandikwa daftarini: kimeokotwa wapi, saa ngapi, na nani. Hakuna kilichowekwa juu ya meza. Kijana mmoja alikuja kudai funguo za gari. Mhudumu akamuuliza kishikio chake kikoje, akasema cheusi cha ngozi. Tulichokuwa nacho drooni kilikuwa cha chuma, na kina funguo ndogo ya kufuli. Akaondoka bila neno. Mwenyewe alifika saa moja baadaye, akaitaja ile funguo ndogo kabla hata hajaulizwa, akatia sahihi.

Kosa langu lilikuwa taa. Ile njia ya kutokea ilikuwa na taa moja tu, na wahudumu wawili walilazimika kusimama gizani wakipunga tochi mpaka gari la mwisho.