Picha ya ramani na ile 9 ya uongo

Jana baada ya isha mpwa wangu wa Malindi kanitumia picha ya zoezi lake la ramani. "Khala, nitazamie majibu."

Ramani ni ya 1:50,000. Shule imo kwenye mraba wa 62 mashariki, 47 kaskazini. Kuonyesha mahali pake kwa tarakimu sita, yeye kaandika 475629. Kwanza kageuza, namba ya mashariki ndiyo hutangulia. Halafu ile 9, yaani sehemu 9 za kumi za mraba kwenda mashariki, ikanitia shaka, maana shule iko karibu na katikati ya mraba. Kumbe kapima kwenye simu, milimita 18, akagawa kwa 2 kama kwenye karatasi, ambako mraba una milimita 20. Lakini picha kaikuza, mraba wenyewe pale una milimita 30! Kwa hivyo 18 ni sehemu 6 za kumi, na zile milimita 10 alizopima kwenda juu ni kama 3. Jibu: 626473.

Kontua, ile mistari ya kuonyesha urefu wa ardhi, zilizopinda kama V kaziita mgongo wa kilima. (Simlaumu, vilima tuvijuavyo sisi ni mchanga wa Shela.) Nikamwambia asome namba: ncha yaelekea 140 kutoka 120, yaani inapanda, basi hilo ni bonde.

Kimya kidogo. "Khala, na mto umepita hapo hapo, sikuuona."