Nimeacha sigara nikiwa na miaka 71, na sijafa

"Mzee, mwili umeshazoea. Ukiacha sasa utakufa." Nimeambiwa maneno hayo na watu wanne hapa Iringa, na wote wanne walikuwa na sigara mkononi. Kila mmoja na mfano wake: fulani wa Kihesa aliacha Januari, Machi tukamzika.

Nilianza kuvuta nikiwa na miaka 18, paketi kwa siku. Kifua kilipoanza kupiga filimbi usiku nilipelekwa kwa daktari, kijana wa kumzaa mimi. Akaniamkia vizuri, kisha akanipa mdomo wa mashine nipulize kwa nguvu zangu zote hadi pumzi iishe. Nilipuliza mara tatu. Katika sekunde ya kwanza nilitoa lita 1.4 tu, chini ya nusu ya anachotoa mtu wa umri na urefu wangu. Njia za hewa zimeziba kwa moshi, akasema, na vifuko vya hewa vilivyokwisha kuharibika havirudi.

"Sasa kama havirudi, niache ili iweje?"

"Mzee wangu, kila mtu akizeeka anapoteza pumzi kidogo kila mwaka. Kifua kama chako kikiendelea na moshi kinapoteza karibu mara mbili ya hapo. Ukiacha, mwendo unapungua. Sikurudishii ulichopoteza, nakulindia kilichobaki."

Nikamtupia yule wa Kihesa. Akacheka. "Huyo aliacha kwa sababu alikuwa hoi, hata sigara haipiti. Ugonjwa ndio uliomfanya aache, na ndio uliomuua." Nilirudi nyumbani nimekasirika, maana miaka yote ile nilikuwa nimeutegemea mfano huo.

Lakini mimi ni mjanja bwana. Nikasema nitapunguza. Nikakata sigara zote nusu kwa wembe, nikazipanga kwenye kopo la majani ya chai, nikajiwekea nusu kumi kwa siku. Hesabu safi: kutoka 20 hadi 5! Nikatangaza kilabuni kwenye ulanzi, nikapongezwa. Ila mke wangu alikuwa ananitazama. Siku moja akaniambia, "Baba, mbona siku hizi ukivuta mashavu yanagusana?" Ni kweli, nilikuwa nakamua kile kipisi mpaka kinaniunguza vidole, moshi nimeubana kifuani kama naogopa utaibiwa. Kikohozi palepale, filimbi palepale. Daktari akaniambia mwili unadai nikotini yake ileile, hivyo mtu anavuta kwa kina zaidi. Na kwa upande wa moyo ndiyo balaa: hata sigara moja kwa siku humwachia mtu karibu nusu ya hatari ya ziada anayobeba mvuta 20. Kopo likaenda chooni.

Mpwa wangu akaniletea kutoka Dar bablishi za nikotini, za miligramu 4, kwa kuwa mimi sigara ya kwanza nilikuwa naiwasha kabla sijavaa viatu. Bei yake sitaki kuikumbuka, ingawa ukijumlisha paketi za mwezi mzima naona hatupishani sana. Nikazitafuna kama mtoto wa shule, huku nakunywa kahawa. Kwikwi! Kwikwi mpaka ibadani, watu wanageuka. Kumbe unatafuna taratibu mpaka iwashe kidogo, unaiegesha kati ya shavu na ufizi, ikipoa unatafuna tena. Nikotini inaingilia kwenye mdomo. Ukiimeza inakuchoma tumbo. Na kahawa au soda ziishe robo saa kabla, la sivyo hupati kitu.

Siku tatu za kwanza niligombana hata na kuku. Wiki ya pili kikohozi kikazidi, makohozi mazito kila asubuhi, na hapo ndipo wale wanne walipofurahi: tulikwambia! Nusura niwashe. Lakini vile vinyweleo vya kusukuma uchafu kwenye njia za hewa, vilivyokuwa vimelewa moshi, vinaamka na kuanza kufagia. Kwangu ilichukua kama mwezi na nusu. Makohozi yangekuwa na damu, au homa ikapanda, ningekimbia hospitali, hilo si la kusubiri.

Kilabuni sikwenda msimu mzima wa ulanzi. Hilo liliniuma kuliko sigara yenyewe.

Baada ya mwaka nikapuliza tena: 1.4 ileile. Mwanangu akanung'unika kwamba haijapanda. Daktari akanipa mkono. Pampu ya kuvuta dawa kifuani bado natumia, na mke wangu amehamishia jiko la kuni nje.

Zamani nikipanda kutoka Ipogolo kuja mjini nilikuwa nasimama mara saba, nikijifanya natazama magari. Siku hizi nasimama mara tatu. Na ile ya tatu, niseme ukweli, ni kwa sababu ya mahindi ya kuchoma.